Kuchangisha hela ya gemu ukiwa Kigoma: hesabu zangu zote, zawadi na ratiba

Wakuu habari za siku nyingi. Wengi mmeona kwenye chaneli kwamba kampeni ya kuchangia gemu langu la Mwezi Giza imefika lengo, tuliomba milioni 6 na laki 5 na imeingia milioni 6.7, na naposema imeingia simaanishi ahadi, namaanisha hela iko kwenye akaunti. Nimefurahi na sitaki kuficha, kwasababu kuna watu hapahapa Mwanga, Kigoma, waliniambia usoni kwamba hakuna mtu mwenye akili atatoa elfu kumi yake kwa ajili ya gemu la simu la kuvua dagaa, na kuna ndugu yangu wa damu kabisa alisema kwenye kikao cha familia kwamba nimekuwa ombaomba wa mtandaoni. Hilo neno bado linaniuma. Lakini watu wametoa.

Tangu hapo meseji zimekuwa nyingi na zote zinauliza kitu kimoja. Iliyonifanya nikae niandike ni ya mdogo wangu mmoja wa Tabora, ameandika hivi: "Kaka shikamoo. Na mimi nina gemu la vita vya Mtemi Mirambo, levo 40, watu wanacheza pamoja mtandaoni. Nataka kuchangisha milioni 30. Nimeandaa zawadi 12, kuna fulana kwa mchango wa 25,000, vikombe, kofia na mabango. Nina wafuasi 900. Nianzie wapi?" Nimesoma nikaona moto alionao, ni uleule niliokuwa nao mimi. Sasa dogo nakujibu hapa hadharani ili na wengine wafaidike, ila ntakwambia ukweli mtupu.

Kwanza elewa mimi niliomba hela ya kumalizia gemu, sio ya kulianza. Mwezi Giza lilikuwa tayari na demo ya levo tatu inayochezeka kwenye simu ya kawaida, nimeijenga kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu ambayo ni bure hailipiwi leseni. Kwa wasiojua, dagaa wa ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu kwahiyo mitumbwi inakaa nchi kavu. Gemu lote liko hapo, unapanga mafuta, wavu na watu wako kwa siku za giza, alafu unabana matumizi siku za mbalamwezi. Mtu akishika simu anaelewa ndani ya dakika mbili, na akielewa anauliza lini litakamilika. Hilo swali ndio linalochangisha hela. Kama demo yako haijafika mahali mtu asiye rafiki yako anauliza litakamilika lini, basi acha kampeni kwanza urudi kwenye laptopu.

Suala la wapi pa kuchangishia halina mjadala mrefu. Kila mtu anataja tovuti ya Kickstarter, na ni kweli ndiko wenzetu wanakochangishia, hata Kiro'o Games wa Kameruni walipitia huko mwaka 2015 kwa ajili ya gemu lao la Aurion na likatoka 2016. Lakini mtu wa Tanzania hawezi kufungua kampeni pale kwa jina lake, nchi yetu haimo kwenye orodha yao, inabidi awepo mtu anayeishi nchi iliyoruhusiwa, mwenye kitambulisho na benki ya huko, na kisheria kampeni inakuwa ya kwake, madeni ya zawadi ni yake na hela inaingia kwake. Mimi sina mtu wa hivyo ninayemwamini na hela ya watu wengine. Na wao wanakata asilimia 5, juu yake kuna makato ya kadi. Kitu kimoja tu nilichokichukua kwao ni ile sheria yao kwamba lengo lisipofika hakuna anayekatwa hata senti. Hiyo ni sheria nzuri mno maana inamlinda mchangiaji na inakulinda na wewe, kwasababu ukipokea milioni 2 kwa kazi ya milioni 6 umejifunga deni usiloweza kulilipa.

Sasa hiyo sheria kwetu inafanyikaje na hakuna mfumo unaoshika kadi za watu? Nilifanya kama michango ya harusi. Watu wetu wanajua ahadi, wanajua kadi, wanajua mweka hazina, hakuna haja ya kuwafundisha. Mwezi mzima nilikusanya ahadi tu, mtu anajaza fomu jina, namba ya simu na ngazi anayotaka, na pale juu nimeandika wazi kwamba hela hatutapokea mpaka ahadi zifike kiasi fulani. Zikafika ndio nikatuma lipa namba kwa kila mmoja. Na kama ilivyo harusini, sio kila aliyeahidi analeta. Nilishawahi kuwa mweka hazina kwenye kamati zaidi ya moja, najua kati ya watu kumi wawili watakwambia mambo yameingiliana, kwahiyo nikaweka kwamba ili nipate milioni 6.5 mkononi lazima ahadi zivuke milioni 8 na laki 1, ndio nipige simu. Zilivuka siku za mwisho kabisa. Ningefunga ahadi kwenye milioni 6.5 ningeambulia kama milioni 5 na laki 2, na hapo zawadi za watu zote bado ziko shingoni kwangu.

Haya bajeti. Nitaiweka yote wazi kwasababu nimechoka kusoma makala zinazosema andaa bajeti halisi alafu mwandishi haonyeshi hata shilingi.

Mchoraji ndiye mkubwa, tulikubaliana milioni 1 na laki 8 kwa kazi yote, na tulikubaliana kwa kipande, sio kwa mwezi, yani mandhari ngapi, wavuvi wangapi, kila mvuvi anatembea, anavuta wavu, anakaa. Muziki na sauti laki 6. Posho yangu mimi mwenyewe ni 350,000 kwa mwezi kwa miezi mitano, jumla 1,750,000, na hii usiione aibu kuiandika, watu wengi wanaiacha ili bajeti ionekane ndogo na ya kizalendo, matokeo yake mwezi wa pili mtu anaenda kutafuta kibarua na gemu linalala. Bando na umeme 300,000. Simu mbili za mtumba zenye RAM ndogo za kujaribia 260,000, maana wachezaji wetu ndio simu walizonazo, gemu likikwama kwenye simu ya GB 2 umepoteza nusu ya Kigoma. Akaunti ya Google Play ni dola 25 unalipa mara moja tu, nikaandika 70,000 pamoja na makato. Jumla ya hapo ni 4,780,000. Juu yake nikaweka asilimia 15 ya dharura, ikafika 5,497,000.

Hapo ndipo wengi wanaishia, wanatangaza milioni 5 na nusu, wanafurahi. Ila hiyo ni gharama ya gemu tu. Bado hujatengeneza zawadi ulizoahidi na bado hela haijakatwa njiani. Zawadi zangu ziligharimu 820,000 na makato ya kupokea na kutoa nikayatengea 183,000. Ndio ikawa milioni 6 na laki 5 kamili. Kwahiyo karibu milioni nzima ya lengo ni gharama ya kuchangisha kwenyewe, na hakuna mtu atakwambia hilo mpaka likukute.

Tukija kwenye zawadi ndipo nataka tukae kidogo, dogo wa Tabora sogea karibu, maana zawadi 12 zitakumaliza.

Umeandika fulana kwa mchango wa 25,000. Twende pamoja. Fulana nzuri ya pamba yenye mchoro wa rangi, ukiagiza chache, kwangu ilitoka 15,000. Kuipeleka kwa mtu wa Mwanza, wa Dar au wa Mbeya kwa basi pamoja na bahasha na bodaboda ya kwenda stendi, ukichukua wastani ni 7,000. Imeshakuwa 22,000. Kwahiyo mtu aliyekupa 25,000 gemu limepata 3,000. Na yule aliyekupa 5,000 akaomba jina lake tu liandikwe, gemu limepata karibu yote 5,000. Yani mchangiaji wako mkubwa amekusaidia kidogo kuliko mdogo, na bado utahangaika na saizi zao, huyu XL, huyu alihama, huyu hapokei simu kifurushi kipo stendi siku ya nne. Mimi fulana niliiweka kwenye 60,000, na nikaweka kikomo watu 30, zikiisha zimeisha. Hapo kila fulana inaacha 38,000 kwa gemu. Na hata hivyo yule niliyempa kazi ya kuchapa alizileta za awamu ya kwanza mchoro unabanduka ukisugua kwa kidole, akagoma kurudia, ile asilimia 15 ya dharura ikaanza kuliwa kabla gemu halijaigusa. Vikombe na mabango futa kabisa. Kikombe kinavunjika, bango linakunjika, na vyote viwili havina uhusiano wowote na kucheza gemu.

Zawadi nzuri ni ile inayotoka ndani ya gemu lenyewe. Ngazi zangu zilikuwa tano tu. Elfu 5 jina lako kwenye ukurasa wa shukrani. Elfu 10 unapata gemu zima siku likitoka. Elfu 25 unapata gemu mapema kulijaribu kabla ya wengine, na unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wajaribuji. Elfu 60 ni ile ya fulana, na ya mwisho ni 150,000, watu 8 tu, ambayo ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Ukienda mwalo wa Kibirizi kila mtumbwi una jina ubavuni, mwenye chombo anaita kitu anachokiamini, na rangi anachagua mwenyewe. Nikasema ngazi ya juu mtumbwi wako unaingia ndani ya gemu, jina lako na rangi zako kama ulivyo. Mchoraji ananichaji 20,000 kwa kila mtumbwi, hakuna kifurushi, hakuna stendi. Nikaenda mwaloni asubuhi wakati dagaa wanaanikwa, nikamwonyesha mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili kwenye simu, jina la chombo chake limeandikwa ubavuni. Akaishika simu akaisogeza mbali na macho, akaangalia sana, akasema "mwanangu huu sio wangu, wangu mkanda wa juu ni kijani na herufi nyeupe." Kwa bahati laptopu nilikuwa nayo begani, nikakaa juu ya kreti nikabadilisha rangi palepale akiwa amesimama nyuma yangu, nikamrudishia. Akaita wenzake waje waone. Siku ile mwaloni nilipata ahadi tatu za 150,000 kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za kuchangisha mtandaoni na wala hawatafuti gemu kwenye simu zao.

Hiyo ngazi watu nane wameleta 1,200,000. Wa elfu 10 walikuwa 170, wakaleta 1,700,000, ndio uti wa mgongo wenyewe. Wa elfu 25 walikuwa 60, milioni 1 na nusu. Fulana 30, milioni 1 na laki 8. Wa elfu 5 walikuwa 60, laki 3. Ukijumlisha ni 6,500,000 juu ya alama, kilichozidi ni watu walioongeza bila kuomba zawadi, Mungu awabariki.

Sasa hesabu watu badala ya hela. Hao ni watu 328, na kila mmoja kwa wastani ametoa kama elfu 20. Dogo, milioni 30 kwa wastani huohuo ni watu 1,500. Wewe una wafuasi 900. Hata wote wakichanga, pamoja na wale waliobonyeza kwa bahati mbaya na wale akaunti zao zilishakufa, hufiki. Na hawachangi wote. Kwangu mimi waliokuwa kwenye chaneli na TikTok walikuwa kama 4,000, na waliotoa kutoka humo ni kama watano kwa kila mia, yani kama 200 hivi. Waliobaki niliwafuata mmoja mmoja, wenye mitumbwi, niliosoma nao, kundi la WhatsApp la Wanakigoma waishio Dar, mwalimu wangu wa sekondari. Ukitumia kipimo hichohicho wafuasi wako 900 ni watu 45, ni kama laki 9. Ndio ukubwa wa kampeni uliyonayo leo mkononi. Sio tusi, ni namba, na namba inaongezeka ukiifanyia kazi.

Kwahiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kuahirisha, utumie miezi sita kuonyesha gemu likijengwa mpaka wafuasi wawe elfu kadhaa. Ya pili ni kukata gemu. Levo 40 zikate ziwe pigano moja lililokamilika, mwanzo mpaka mwisho, lenye sauti na kila kitu, watu wanunue hilo, na likienda vizuri unachangisha la pili kwa watu ambao wameshaona ulileta la kwanza. Ningekuwa wewe ningefanya zote mbili.

Na lile la kucheza pamoja mtandaoni litoe kabisa. Kampeni ni hela inayoingia mara moja, seva inalipiwa kila mwezi milele. Hakuna hela ya mara moja inayolipa gharama ya milele, mwaka wa pili utazima seva na waliokuchangia gemu lao litakuwa limekufa mikononi. Na usidhani hela nyingi ingekuokoa. Double Fine wa Marekani mwaka 2012 waliomba dola 400,000 Kickstarter wakapata zaidi ya milioni 3.3, na bado walilipanua gemu mpaka hela haikutosha, wakalitoa vipande viwili, cha kwanza 2014 na cha pili 2015. Hao ni watu wenye ofisi na uzoefu wa miaka. Hela ikiongezeka gemu nalo linataka kunenepa, ndio maana ile 200,000 iliyozidi kwangu sikuongezea levo yoyote, imekaa kwenye dharura kuziba shimo la fulana.

Kuna jingine la hesabu nataka niliseme japo linaniuma. Kulikuwa na kampuni moja, sitaitaja, meneja wao aliniita ofisini akanipa soda, akasema wataweka milioni 2, niwawekee nembo yao kwenye skrini ya kwanza. Nikatengeneza na nembo. Mpaka leo simu haipokelewi. Namshukuru Mungu kwamba ile milioni 2 sikuiweka kwenye hesabu kabisa, kwasababu nilijiwekea kwamba ahadi ni ile iliyoko kwenye fomu yenye jina la mtu na namba yake. Mtu mkubwa akikuahidi mdomoni mshukuru, mpe fomu ajaze, asipojaza hesabu yake ni sifuri. Vijana wengi wanapanga lengo kubwa kwasababu kuna mheshimiwa amewaambia "nitawashika mkono", alafu mheshimiwa anasafiri.

Ratiba sasa. Kampeni ya siku 30 inatosha, Kickstarter wenyewe wanaruhusu mpaka 60 lakini ndefu inachosha watu. Ahadi zinakuja kwa wingi siku za kwanza na siku za mwisho, katikati panakuwa pakavu kabisa, unaweza kukaa siku kadhaa hakuna jina jipya. Ili ule ukavu usikuue, fungua kampeni ukiwa tayari una theluthi ya ahadi za watu uliowapitia kabla, maana mgeni akikuta mita iko sifuri anaondoka na akikuta imefika theluthi anasoma. Mimi nilifungua tarehe 25 nikafunga tarehe 25 ya mwezi uliofuata, ili ndani yake mishahara iingie mara mbili, walimu na manesi ndio walijaa kwenye ngazi ya elfu 10 na 25. Na kwa sisi wa Kigoma kuna kalenda nyingine, mbalamwezi mwaloni hakuna hela, kwahiyo nilichagua mwezi ambao zile siku za kukusanya baada ya kufunga zinaangukia giza. Wewe huko Tabora angalia hela ya kwenu inatembea lini, kama ni msimu wa tumbaku kulipwa au asali, pangia hapo.

Mwezi wa kampeni usiupangie kazi yoyote ya kuandika programu ya gemu. Utajibu meseji asubuhi mpaka usiku. Baada yake weka wiki mbili za kukusanya, alafu ndio miezi mitano ya kazi inaanza kuhesabika.

Na mwishoni kuna kitu kinawakuta wengi hawakijui. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kutoa apu moja kwa moja kwa umma. Lazima kwanza ufanye majaribio ya kufungwa, wao wanaita closed testing, yenye watu wasiopungua 12 waliojiunga na kubaki siku 14 mfululizo, ndio unaomba ruhusa, nao wanakagua, na wanaweza kukurudisha. Usipoliweka kwenye ratiba utatangaza tarehe ya kutoka alafu ukae mwezi unaomba watu msamaha. Hapo ndipo ngazi yangu ya elfu 25 inafanya kazi mbili, inaleta hela na inaleta wajaribuji, nina watu 60 waliolipa kabisa kulijaribu gemu. Usichukue 12 kamili, mmoja akipoteza simu au akitoka umeharibikiwa, mimi naingiza 25. Siku likitoka, wachangiaji wanalipata kwa promo code za Google Play, yani namba za kupakua gemu bure, wanakupa zisizozidi 500 kila robo mwaka kwa apu moja, wangu wanaostahili gemu ni 268 kwahiyo natosheka, ila ukiahidi gemu kwa watu 800 ujue hapo utakwama.

Kwahiyo miezi mitano ya kazi, mwezi na nusu wa majaribio na ukaguzi, na mimi niliwaambia watu miezi tisa. Mchoraji ataumwa, umeme utakatika, laptopu itakataa kuwaka. Mtu aliyeambiwa miezi tisa akapata ndani ya nane anakusifia, aliyeambiwa mitano akapata kwa saba anakuita tapeli, na gemu ni lilelile.

Usitumie neno hisa wala gawio kwenye kampeni yako, hata kama mtu anakushawishi. Ukiahidi watu sehemu ya faida umeingia kwenye mambo ya uwekezaji, huko ni kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, sio kwa kijana mwenye fomu na lipa namba. Unachouza ni gemu kabla halijatoka, basi.

Hela ikishaingia itenge na hela yako ya kula. Mimi nina laini peke yake kwa ajili ya hii kazi, posho yangu naitoa mara moja tarehe moja kwa kiasi kilekile kilichoandikwa, na kila Jumapili natuma kwenye chaneli kilichotoka na kilichobaki, pamoja na kipande kifupi cha gemu kilichokamilika wiki hiyo. Wiki ambayo hakuna kipya naandika hakuna kipya na kwanini. Fulana zilipoharibika niliwaambia siku ileile, nikaweka na picha ya mchoro umebanduka, nikawapa wale 30 wachague kusubiri au kurudishiwa tofauti ya bei na kubaki na gemu. Wawili walichukua hela yao, nikatuma jioni hiyohiyo. Waliobaki wanasubiri awamu ya pili inayochapwa kwa fundi mwingine, na safari hii namlipa nusu tu mpaka nisugue mwenyewe kwa kidole.